Kitambuzi Kimesema Asilimia 82: Mwanafunzi Huyu Afanywe Nini?

Wasilisho kuhusu zana za akili unde zinazoandika insha likimalizika mbele ya wahadhiri na walimu wa Mombasa, mkono wa kwanza kuinuliwa huwa na swali hili: nimepitisha kazi ya mwanafunzi kwenye kitambuzi, yaani programu ya kugundua maandishi ya mashine, nimepewa asilimia 82, sasa nimfanyeje? Baadaye huja maswali ya uaminifu, ya kujifunza na ya haki katika utoaji wa alama. Lakini ukiyafuatilia utaona kwamba mengi yanategemea jibu la hilo la kwanza, kwa hiyo tunaanza nalo.

Asilimia hiyo inapima nini?

ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na zana nyingine za jinsi yake huandika kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kisha linalofuata hilo, hadi maandishi yakamilike. Kitambuzi hupitia maandishi yaliyokwisha kuandikwa na kujiuliza: je, maneno haya yalikuwa rahisi kukisiwa? Yakiwa rahisi mno, na sentensi zikiwa na urefu na mwendo unaolingana, alama hupanda. Basi. Kitambuzi hakijui mwandishi ni nani, aliandika saa ngapi, wala kama mezani pake palikuwa na vitabu au simu tu. Na katika baadhi ya vitambuzi asilimia 82 ni sehemu ya maandishi yanayoshukiwa. Haina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 82 kuwa mwanafunzi amedanganya. Wengi huisoma kwa maana hiyo ya pili, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Sasa jiulize ni binadamu gani huandika maneno rahisi kukisiwa. Ni yule anayeandika kwa lugha ambayo si yake ya kwanza. Mwanafunzi wa Kisauni aliyelelewa kwa Kiswahili au Kigiriama, akajifunza Kiingereza darasani, amefunzwa kuanza kila aya kwa kiunganishi kilekile, kutumia msamiati salama na kuepuka sentensi zinazojipinda. Ameandika kama alivyofunzwa, na kitambuzi kinamwona kama mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipima jambo hili mwaka 2023. Walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilitajwa kimakosa kuwa za mashine. Insha 18 zilikataliwa na vitambuzi vyote saba, na 89 zilishukiwa na angalau kimoja. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote bila shida. Tena, watafiti walipoiagiza ChatGPT iboreshe msamiati wa zile insha za TOEFL, makosa ya vitambuzi yalipungua sana. Maana yake ni kwamba aliyeandika mwenyewe alishukiwa, na aliyesaidiwa na mashine akapita.

Vitambuzi vimebadilika tangu wakati huo, na baadhi ni bora kuliko vile vilivyopimwa. Hata hivyo wanaoviunda wenyewe hutahadhari. OpenAI, waundaji wa ChatGPT, walitoa kitambuzi chao Januari 2023, nacho kilikuwa kikitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine. Mwezi wa Julai mwaka huohuo walikiondoa kwa sababu ya udhaifu huo. Turnitin hawaonyeshi tarakimu kamili kwa alama iliyo chini ya asilimia 20, na mwongozo wao unasema alama isitumiwe peke yake kumwadhibu mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima kitambuzi hicho Agosti 2023 baada ya hesabu fupi: kazi 75,000 zilikuwa zimepitishwa Turnitin mwaka uliotangulia, na kosa la asilimia 1 pekee lingezitia kazi zipatazo 750 lawamani bure.

Hesabu hiyo kila mhadhiri aifanyie darasa lake. Tuchukue darasa la wanafunzi 200, na tuseme 40 wameiachia zana insha nzima huku 160 wakiandika wenyewe. Tuseme kitambuzi kinawanasa 7 katika kila 10 wa hao 40, na kinakosea kwa 5 katika kila 100 wa wasio na hatia. Kitawashika wakosaji 28 na wasio na hatia 8. Kati ya majina 36 yaliyo mbele yako, zaidi ya moja katika kila matano ni la mtu aliyeonewa. Sasa pandisha kosa hadi asilimia 20, jambo ambalo si la ajabu kwa wanaoandika lugha ya pili. Wasio na hatia wanakuwa 32 na wakosaji wanabaki 28. Zaidi ya nusu ya orodha yako imekuwa ya walioonewa, ilhali wakosaji 12 wametoka salama na alama zao.

Insha za Kiswahili zina shida ya ziada. Vitambuzi vingi vimefunzwa hasa kwa Kiingereza, kwa hiyo alama inayotolewa kwa insha ya Kiswahili haina msingi wa kuaminika. Walimu wengine hutegemea dalili: upatanisho wa ngeli uliokosewa mahali pasipotarajiwa, methali iliyopachikwa pasipo maana yake, sentensi inayosomeka kana kwamba imetoka Kiingereza. Dalili hizo zipo kweli. Lakini zipo pia kwenye insha za vijana waliosoma masomo mengine yote kwa Kiingereza tangu shule ya msingi.

Jambo jingine husahauliwa kwenye haraka ya kunasa. Kunakili insha yenye jina na namba ya usajili ya mwanafunzi na kuibandika kwenye kitambuzi cha bure mtandaoni ni kutoa taarifa binafsi za mtu kwa kampuni usiyoijua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza kazi yake imepelekwa wapi.

Basi ushahidi utatoka wapi?

Utatoka kwenye njia iliyoizaa insha. Tuchukue mfano wa kutunga. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ameombwa aandike maneno 1,500 kuhusu usalama wa abiria wa feri mjini Mombasa, kwa marejeo yasiyopungua manne. Insha imekuja safi na imepangika, na kitambuzi kimetoa ile asilimia 82. Kabla ya kumwita, mhadhiri ana kazi ya kama nusu saa.

Aanze na marejeo, maana hayo hayahitaji kukisia. Kichwa cha kila makala iliyotajwa akiweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Kama ipo namba ya DOI, ile inayoitambulisha makala mtandaoni, aiandike mara baada ya `https://doi.org/` aone inafungua nini. Zana hizi hubuni marejeo kwa ustadi unaopotosha: jarida ni la kweli, mwandishi ni mtu anayeandika kuhusu mada hiyo, mwaka unaelekea, lakini makala yenyewe haipo. Pengine DOI inafunguka na kuleta utafiti wa jambo tofauti kabisa. Mwaka 2023 mawakili huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, waliwasilisha mahakamani hukumu za zamani ambazo ChatGPT ilikuwa imezibuni, wakatozwa faini ya dola 5,000. Rejeo lisilokuwepo ni kosa hata kama hakuna zana iliyotumika, na ndiyo maana ushahidi huu una nguvu: mhadhiri hahitaji kuthibitisha kilichoandika insha, inatosha kuthibitisha kwamba mwanafunzi ametaja kitu ambacho hakukisoma.

Kisha aangalie madai yenyewe. Tuseme insha inasema feri ilizama Likoni mwaka 1994. Ajali ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272, ilitokea katika kivuko cha Mtongwe. Kosa kama hilo halithibitishi matumizi ya zana, kwani binadamu naye huchanganya vivuko hivyo viwili. Ila ni mahali pazuri pa kuulizia, maana mtu aliyesoma chanzo ataweza kukuonyesha alichosoma.

Hatua ya tatu ni historia ya faili. Kwenye Google Docs hupatikana kwa `File > Version history > See version history`, na hapo utaona insha ikikua kwa siku au saa: aya ikiandikwa, ikifutwa, ikihamishwa. Kwenye Word, `File > Info` huonyesha muda wa kuhariri. Hapa tunasisitiza tahadhari, kwa sababu wengi huishika historia hii kama kisu. Faili ikihifadhiwa upya kwa jina jingine, muda wa kuhariri huanza kuhesabiwa tena. Mwanafunzi anayeandika kwenye simu akiwa ndani ya matatu, akajitumia rasimu kwa WhatsApp, ataonekana amebandika insha nzima mara moja. Na wapo wengi walioandika kwa kalamu, wakampa kijana wa saiba awachapie kwa malipo ya ukurasa. Historia ya faili hiyo itaonyesha kikao kimoja cha saa moja kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa hiyo historia inayoonyesha kazi ikikua ni ushahidi mzuri wa kumtetea mwanafunzi. Historia isiyoonyesha kitu haimtii hatiani. Kama karatasi za mkono bado anazo, azilete.

Mwisho ni mazungumzo. Dakika kumi zinatosha, na maswali yatoke ndani ya insha yake. Katika mfano wetu: aya ya tatu unasema tatizo kubwa ni upakiaji wa abiria na magari pamoja, umelitoa wapi? Kwa nini ulichagua hoja hii badala ya ile ya uchakavu wa vyombo? Chanzo chako cha pili kinakubaliana na cha tatu au kinapingana nacho? Mtu wa Mtongwe anayevuka kila siku angepinga sehemu gani ya insha hii? Sentensi hii ya hitimisho, ieleze kwa maneno mengine, kwa lugha yoyote kati ya Kiswahili na Kiingereza. Aliyeandika mwenyewe anaweza kusahau tarehe na kukwama kwenye msamiati, lakini njia ya fikra zake anaijua: atakwambia alianza na nini, akaacha nini, na kwa nini. Aliyepokea insha iliyokwisha kuiva hukwama hasa kwenye swali la pili, lile la kuchagua, kwa kuwa hakuwahi kuchagua.

Mazungumzo haya yafanywe mbele ya mhadhiri wa pili, majibu yaandikwe, na mwanafunzi aambiwe mapema anaitiwa nini. Yasiwe mtego. Wasiwasi hufanana sana na hatia ukiutazama usoni, kwa hiyo pimeni majibu na mwache kupima jasho.

Kama insha ni nzuri, kuna hasara gani akitumia zana?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, nalo lina jibu la kitaaluma. Katika utafiti uliofanywa kwenye shule ya sekondari nchini Uturuki na kuhusisha wanafunzi karibu 1,000, kundi moja lilipewa zana ya kawaida ya kuzungumza nayo wakati wa mazoezi. Alama zao za mazoezi zilipanda kwa asilimia 48 kuliko za wasiokuwa na zana. Zana ilipoondolewa na mtihani ukafanywa, walishuka kwa asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuwa nayo. Kundi jingine lilipewa zana iliyowekewa masharti ya kutoa vidokezo bila kutoa jibu, na hasara hiyo karibu iliondoka yote. Somo lilikuwa hisabati, na insha ni kazi ya namna tofauti, kwa hiyo tarakimu zisihamishwe zilivyo. Kilicho muhimu ni tofauti kati ya makundi hayo mawili: mashine ilikuwa ya aina ileile, ila kundi moja lilipewa jibu na jingine likaachiwa kazi ya kulifikia.

Katika insha, kazi hiyo inakaa wapi? Wanafunzi wengi, na hata walimu, huamini kwamba kuomba mpango wa insha ni msaada mdogo usio na madhara, maadamu mwanafunzi atajaza aya mwenyewe. Sisi tunaona kinyume. Kuamua dai kuu ni lipi, hoja ipi itangulie, ipi iachwe, na pingamizi lipi lijibiwe ndiko kufikiri kwenyewe kunakofunzwa na insha. Mwanafunzi anayepewa mpango na kujaza aya amefanya uchapaji mrefu. Afadhali mara mia yule aliyepanga na kuandika rasimu yake yenye makosa ya sarufi, kisha akaiomba zana imwonyeshe makosa hayo, au akaiuliza: mtu anayenipinga angesema nini? Huyo wa pili amefikiri kwanza, halafu akasaidiwa.

Kwa hiyo kanuni ya darasa isiseme tu kwamba zana zimeruhusiwa au zimekatazwa. Itaje hatua. Mpango na rasimu ya kwanza bila zana. Baada ya rasimu, sarufi na pingamizi kwa zana, kwa kutamka.

Kutamka huko ndiko kunakoharibika mara nyingi, kwa sababu rahisi: mwanafunzi akitamka kwamba ametumia zana na alama zikapunguzwa, darasa zima litajifunza kunyamaza. Kama matumizi yameruhusiwa katika hatua hiyo, tamko lisigharimu alama hata moja. Mistari minne inatosha: zana gani, sehemu gani ya insha, aliiagiza nini kwa maneno yake, na alibadilisha nini baada ya kupata jibu. Mstari wa nne ndio wenye thamani, kwa kuwa unamlazimu aseme alikubali nini na alikataa nini. Na zana isiandikwe kama mwandishi mwenza. Wahariri wa majarida ya kisayansi waliamua hivyo tangu mapema 2023, kwa hoja kwamba mwandishi ni mtu awezaye kuwajibika kwa alichoandika.

Hapa huulizwa pia juu ya wanaoandikiwa insha kwa malipo, biashara ambayo Kenya inaijua vizuri. Insha ya kununuliwa mara nyingi haikunaswa na programu za kutafuta wizi wa maandishi, kwa kuwa kwa kawaida ilikuwa mpya. Ilikuwa njia ya mwenye pesa. Zana zimeishusha bei, lakini hazijafuta pengo: toleo la kulipia la ChatGPT lilipoanza mwaka 2023 lilikuwa dola 20 kwa mwezi, na kuna mwanafunzi ambaye bando lake la wiki haliwezi kufungua hata toleo la bure kwa utulivu. Kuwaruhusu wote watumie wawezavyo nyumbani na kusahihisha insha ya mwisho peke yake ni kuwapa alama zaidi wenye uwezo zaidi.

Alama zigawanywe vipi?

Tunachopendekeza ni kuondoa uzito kwenye karatasi moja inayoletwa siku ya mwisho. Mgawanyo mmoja unaotekelezeka: alama 20 kwa mpango na rasimu ya kwanza, 40 kwa insha, na 40 kwa kazi ya darasani inayohusu insha hiyohiyo.

Kazi hiyo ya darasani huchukua dakika 30. Kila mwanafunzi hupewa nakala iliyochapwa ya insha yake, simu zikiwa zimewekwa mbele ya darasa, na pingamizi moja lililoandikwa ubaoni. Kwa mada yetu ya feri, linaweza kuwa hili: ajali ni chache ukilinganisha na idadi ya wanaovuka kila siku, kwa hiyo fedha zitumike kwingine. Aandike maneno kama 200 akiitetea hoja yake kuu au kuirekebisha, kwa kutumia kitu kilichomo kwenye insha yake. Asahihishwe kwa hoja, sarufi isihesabiwe. Aliyefikiri wakati wa kuandika huona kazi hii ni nyepesi, hata kama Kiingereza chake kinachechemea. Aliyeletewa insha huishia kurudia sentensi zake zilezile, na mwongozo wa kusahihisha useme wazi kwamba kurudia hakuna alama.

Faida ya kazi hii ni kwamba inafanywa na wote. Hakuna anayeitwa kwa kushukiwa, hakuna asilimia inayomchafulia mtu jina, na mhadhiri hahitaji kuamua nani alitumia nini.

Maswali ya ana kwa ana ni bora zaidi lakini yana gharama ya saa. Darasa la wanafunzi 60 kwa dakika 8 kila mmoja ni saa 8, yaani siku nzima ya kawaida ya kazi. Darasa la 200 ni takriban saa 27, na huko hakuna atakayefika. Kwa darasa kubwa wachaguliwe 40 kwa kura inayopigwa wazi kabla ya kusahihisha, ambayo ni saa 5 na dakika 20. Kosa la kawaida ni kuongeza kwenye hao 40 majina ya wanaoshukiwa. Darasa hugundua mara moja, na kura hugeuka kuwa orodha ya washtakiwa.

Wapo watakaoumizwa na utaratibu huu usipoangaliwa. Mwenye kigugumizi ajibu kwa maandishi. Mwenye tatizo la kusoma na kuandika apewe muda zaidi kwenye zile dakika 30, na kama ana kibali cha kutumia programu ya kumsomea maandishi, aitumie hata siku hiyo. Asiyezoea kuzungumza na mhadhiri kwa Kiingereza aruhusiwe Kiswahili, isipokuwa kama lugha ndiyo inayopimwa. Na alama zote mbili, ya insha na ya darasani, ziandikwe kando kando kabla ya kujumlishwa. Pengo kubwa, tuseme 34 kati ya 40 kwa insha na 9 kati ya 40 darasani, ni sababu ya kumwita mwanafunzi kwa yale mazungumzo ya dakika kumi, pamoja na karatasi zake za mkono na faili zake. Pengine alikuwa mgonjwa siku ile. Pengine hakuiandika. Swali hilo sasa linaulizwa kwa kutazama kazi zake mwenyewe mbili, na anaweza kulijibu.